Kuimba ni Kusikilizana

Ukitaka kuona jinsi wimbo unavyojenga waumini, usisubiri Jumapili. Nenda mazoezini siku ya kazi jioni, kanisa lolote la Nyakato au Mabatini, hapa Mwanza. Mwalimu anaandika solfa ubaoni, kila sauti inajifunza mstari wake, kisha zinaunganishwa. Besi wakiburuza, mwalimu anagonga meza na wote wanarudia kipande kilekile, mpaka besi waache kujisikiliza na waanze kuwasikiliza soprano. Mchuuzi wa dagaa wa Mwaloni na karani wa benki, ambao mtaani wangepishana bila salamu, hapo wanalazimika kuvuta pumzi kwa wakati mmoja. Kwangu mimi ibada imeshaanza.

Mwanaethnomuzikolojia Thomas Turino hutofautisha muziki wa kushiriki, ambao kila aliyepo ana sehemu yake, na muziki wa kuonyesha, ambao wachache hupiga na wengine hutazama. Katika ule wa kwanza, ubora hupimwa kwa namna watu walivyoingia.

Usukumani hilo linajulikana tangu zamani. Vikundi vya kulima viliimba shambani, jembe likifuata ngoma, na wachezaji wa vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana kuvuta watu upande wao. Pale Bujora, Kisesa, Padre David Clement aliyapa mashindano hayo nafasi katika Bulabo, sherehe inayoendana na sikukuu ya Ekaristi. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao ukatamka kwamba muziki wa asili wa wenyeji upewe heshima na nafasi yake katika ibada. Mkristo wa Kisukuma hakulazimika tena kuiacha ngoma mlangoni.

Kwenye maulidi mambo ni yaleyale, ingawa dini ni nyingine. Barzanji inasomwa kwa mahadhi, wasomaji wakipokezana, na jamaa wote wanaitikia. Ikifikiwa habari ya kuzaliwa kwa Mtume, watu wanasimama, marashi yananyunyizwa, udi unafuka, na kila kinywa kinamsalia. Mtoto ambaye hajui maana ya Kiarabu kile anaimba kwa nguvu kuliko baba yake. Maana ataisoma madrasa. Mapenzi ameshayapata kwa sikio. (Wapo masheikh wasioyakubali maulidi, na hoja zao ni za elimu ya dini, si za muziki.)

Kinachoniuma ni spika. Makanisa mengi ya mjini sasa yana kinanda chenye mdundo uliorekodiwa, maikrofoni nne na sauti inayofunika kila mtu. Bibi wa benchi la nyuma, aliyekuwa akianzisha pambio, sasa anapiga makofi tu. Walimu wa kwaya, nawasihi: kila ibada zimeni mitambo kwa wimbo mmoja wa kuitikizana, na kiitikio kiwe kifupi kiasi kwamba hata mgeni aliyeshuka kwenye kivuko asubuhi hiyo atakishika kwenye ubeti wa pili.