Fedha Iliyolala Sandukuni: Maongezi na Wanakikoba, Chanika

Mama mwenyekiti, mweka hazina, ndugu zangu wa kikoba, asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe. Kikoba oyee! Mmenipa robo saa kabla ya kununua hisa, na najua wengine mmeacha maharage jikoni, basi naingia kwenye mada.

Sandukuni mna shilingi 2,300,000 ambazo hazijakopwa na mtu tangu mwezi wa tatu. Kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Kwa mwizi tumejihami. Lakini zile fedha zinapungua humohumo ndani, na tukizihesabu hata mia haikosekani. Inakuwaje?

Nitajitolea mfano mwenyewe. Mwaka 2016 nilianza kujaza kibubu cha mabati ya nyumba yangu. Kilipofika 600,000 nikaulizia bei: bati moja 20,000, yaani bati 30. Fundi akaniambia nunua hata kama kuta hazijaisha, uyaweke kwa shemeji. Nikamwona ana haraka. Nikakivunja kibubu mwaka 2022, noti zote zipo, zinanuka vumbi la uvunguni. Dukani bati 28,500. Nikarudi na bati 21. Bati tisa zilikwenda wapi? Hakuna aliyeniibia. Chumba cha watoto nilikiezeka baada ya masika mawili.

Huo ndio mfumuko wa bei. Angalizo hapo: nyanya zikipanda Ilala kwa sababu mvua imekata barabara, kisha zikashuka, huo si mfumuko. Tunazungumzia bei za vitu vingi kwa pamoja kupanda na kuendelea kupanda: unga, nauli, kodi ya chumba, sabuni. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina kapu lake la bidhaa na huduma. Kila mwezi inapima kapu lilelile linagharimu kiasi gani, na kulinganisha na mwezi kama huo mwaka uliopita.

Redioni mkisikia mfumuko umeshuka, msikimbilie dukani kudai punguzo. Maana yake bei bado zinapanda, ila kwa mwendo wa polepole. Hili linagombanisha sana watu na wenye maduka, na mwenye duka hana kosa.

Sababu ni nyingi. Mafuta ya magari yakipanda, kama mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, gari la mahindi kutoka Songea linakuja na gharama mpya. Shilingi ikidhoofika mbele ya dola, vya nje vinapanda. Na fedha zikiwa nyingi mtaani kuliko bidhaa, wenye fedha wanagombania kidogo kilichopo. Zimbabwe mwanzoni mwa 2009 walifika hadi kuwa na noti ya dola trilioni mia. Sisi hatuko huko; Benki Kuu hulenga mfumuko ubaki kati ya asilimia 3 na 5. Lakini wakubwa mnakumbuka mwisho wa 2011, ulikaribia asilimia 20.

Tuchukue asilimia 4, ya kawaida tu. Vitu ambavyo leo zile 2,300,000 zinavinunua, mwakani vitataka 92,000 zaidi. Tukilaza milioni moja miaka kumi, itanunua vitu vya kama 675,000 za leo. Noti zitakuwa nyekundu vilevile, wekundu wa Msimbazi, hazijachakaa hata kidogo.

Na kuna waliopoteza zote. Noti za zamani, zile za kuanzia 1985 hadi 2003, Benki Kuu ilitoa muda wa kuzibadilisha kuanzia Januari hadi Aprili 5, 2025. Aliyezificha darini na asisikie tangazo, leo ana karatasi.

Sisemi sanduku liwe tupu. Mtoto akiugua usiku, fedha ya mkononi ndiyo inayomfikisha hospitali, kwa hiyo mfuko wa jamii usiguswe. Ninachopendekeza ni 400,000 zibaki sandukuni, 1,200,000 zitangazwe leo kwa mikopo, mama lishe na wa genge watangulie kwa kuwa fedha yao inazunguka haraka, na 700,000 ziende kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, kama ile ya UTT, kwa jina la kikundi. Thamani ya vipande huko hupanda na hushuka, basi tusiweke fedha ya kuhitaji wiki ijayo. Na anayetuahidi kuirudisha maradufu ndani ya mwezi, huyo tumsindikize hadi getini kwa adabu.

Mama katibu, andika hayo matatu, tupige kura moja moja. Lakini babu ameinua mkono tangu nilipotaja mabati. Karibu, babu, uliza.