YAH: Mifuko 98 ya unga isiyofaa kwa mkate, ankara ya 4 Machi: naomba uamuzi wako

Ndugu Mkurugenzi wa Mauzo,

Nakala: Bi. Neema, Ofisa Mauzo, Kanda ya Mashariki

Habari za kazi. Tarehe 4 Machi tulipokea mifuko 120 ya kilo 50, lebo ikisema ni unga wa mkate. Siku iliyofuata donge lilikataa kuumuka. Kwa kawaida mfuko mmoja hunywa maji lita 30. Huu ulilainika na kunata kwa lita 27, na mikate ikatoka na kimo cha sentimita 8 badala ya 11. Hamira, chumvi na muda havikubadilika, na siku hiyohiyo unga uliobaki wa mzigo wa Februari uliumuka vizuri.

Tukaosha donge la gramu 100 za unga kutoka kila mzigo. Wa Februari ulibakiza gluteni mbichi gramu 31, wa Machi gramu 21. Kwa dalili hizo, nadhani unga wa ngano laini, ule wa biskuti, umeingia kwenye mifuko yenye lebo ya mkate. Sampuli za kilo 2 kutoka mifuko mitano tumezifunga na kuziweka. Maabara yenu izichukue wakati wowote.

Bi. Neema alinijibu tarehe 6 kwamba amelifikisha suala kwa kitengo cha ubora. Nilimwandikia tena tarehe 10 na 16, nikapiga simu tarehe 12, sijapata jibu. Kubadilisha mzigo wa ukubwa huu huenda kuko nje ya mamlaka yake, ndiyo maana nakuletea wewe. Jana nilimtumia ujumbe kumweleza kwamba nitakuandikia. Hii si shutuma juu yake: Desemba, barabara ilipofungwa, ndiye aliyetutafutia mifuko 40 kutoka ghala la Dodoma ndani ya siku moja. Tungependa aendelee kutuhudumia, na utekelezaji wa hili upitie kwake.

Naomba mambo mawili. Mifuko 98 ambayo haijafunguliwa ibadilishwe kabla ya Jumamosi 28 Machi, gari lenu likishusha lipakie. Pia tupate hati ya punguzo ya Sh. 552,000 kwa mifuko 6 iliyoharibika kabisa, Sh. 92,000 kila mmoja. Mifuko mingine 16 tuliichanganya na unga wa zamani tukauza, kwa hiyo hatuidai, Sh. 1,472,000 zake tutalipa 3 Aprili kama ankara inavyosema. Sh. 9,016,000 za mifuko 98 zitasubiri mabadilishano.

Pasaka ni 5 Aprili na oda za mikate zimeshaanza kuingia. Nisipopata jibu hadi Jumanne 24 Machi saa 10 jioni, nitalazimika kununua mifuko 98 kwingine kwa ajili ya wiki hiyo tu.

Picha za mikate, lebo na ankara nimeziambatanisha.

Wako katika kazi,
Hamisi
Meneja Ununuzi, kiwanda cha mikate, Morogoro
19 Machi 2026