Tunywe kwa Afya ya Wema na Wabaya: maneno ya kunyanyua glasi, mashindano ya mavazi ya hadithi, Ngome Kongwe

Paukwa!

Nyinyi wa huko juu kwenye ngazi sikukusikieni. Paukwa!

Haya, sasa tupo pamoja. Assalaam alaykum wazee wangu, mabibi na mabwana, watoto wangu, na nyinyi wageni wetu wa leo: masultani, majini, mazimwi, manahodha, mabinti wa wafalme na mashujaa wa kila rangi. Karibuni Ngome Kongwe.

Waandaaji wamenipa dakika chache kabla ya matokeo kusomwa, na wameshagawa juisi ya ukwaju ili tunyanyue glasi pamoja. Naona watoto wengine wameanza kunywa. Msiwakataze, kuna nyingine jikoni. Matokeo yamo ndani ya bahasha na mimi siyagusi. Nimesimama kuwashukuru waliovaa, na kwa namna ya pekee kuwashukuru waliokubali kuvaa ubaya.

Mashujaa tunawapenda bila ya kuambiwa. Alipopanda jukwaani yule kijana wa Wete, upinde mkononi na kikoi kimefungwa kiunoni, hakuna aliyeuliza ni nani. Uwanja mzima uliita: Liyongo! Fumo Liyongo wa pwani yetu, mtu wa mashairi na mishale, aliyetoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate. Kijana huyu alipiga goti moja, akavuta upinde, akaganda vile vile asitikisike, maana ndivyo Liyongo alivyokufa, goti chini na upinde umevutwa, na watu wakaogopa kumkaribia kwa kudhani bado yu hai. Nilitizama nyuso za wazee waliokaa safu ya mbele. Walikuwa wakimaliza utenzi kimya kimya kwa midomo.

Lakini mliona nani alipanda baada yake? Kijana mwembamba, kanzu nyeupe, hakuna kilemba, hakuna rangi usoni, na mkononi ana kitu kidogo kinachometa. Sindano ya shaba. Mtoto wa Liyongo! Yule aliyeahidiwa kuozwa binti wa mfalme, akamchoma baba yake kitovuni akiwa amelala. Watoto walizomea mpaka kuta za ngome hii zikarudisha sauti, na yeye akasimama akapokea, hakucheka, hakujitetea. Akaitizama ile sindano, kisha akamtizama Liyongo aliyepiga goti pale, kisha akashuka.

Mwanangu, popote ulipo humu ndani, nakunyanyulia glasi wewe wa kwanza. Kila mvulana anataka kuwa Liyongo. Wewe ulikubali kuwa yule anayemfanya Liyongo atuume moyoni. Bila ya sindano yako, Liyongo angekuwa mtu mwenye nguvu tu, na watu wenye nguvu wamepita wengi duniani wasitungiwe hata ubeti mmoja.

Nimesomesha Kiswahili skuli kwa umri wangu mkubwa, na jambo nililoliona kila mwaka ni hili: mtoto akisoma hadithi kwa sauti, sauti yake huwa hai anapofika kwa mbaya. Hapo ndipo anapoinua kichwa kutoka kwenye kitabu. Anataka kujua nini kimemfanya mtu huyu awe hivi. Hilo ni swali la mtu mzima, na mtoto wa miaka minane analiuliza kwa sababu ya hadithi.

Nimpongeze na bwana aliyekuja kama Haamdani. Wageni wetu pengine kisa hiki hawakijui, basi nakisema kwa ufupi. Ni kisa cha Unguja yetu hii, kimo katika ngano zilizosimuliwa na watu wa hapa na kuchapishwa na Askofu Edward Steere mwaka 1870, na bibi zetu walikuwa nacho kabla ya karatasi yoyote. Haamdani ni maskini anayechakura jaani kutafuta chembe za mtama. Siku moja anaokota thumuni, ananunua paa. Paa yule anamtoa jaani, anampatia jina la Sultani Darai, anamwoza binti wa sultani, anamuulia nyoka mkubwa na kumpa jumba lake. Kisha paa anaugua. Anatuma aombewe kwa bwana wake, na bwana wake anajibu: mpikieni uji wa mtama wa felefele. Paa anakufa kwa huzuni. Na Haamdani anazinduka yuko jaani, anachakura kama zamani.

Sasa litazameni tena lile joho la bwana yule. Nje ni zari na vifungo vinang'aa. Lakini mlipomwona anaanza kulivua taratibu, akaligeuza ndani nje, likawa viraka vitupu, magunia na matambara, akachutama akaanza kuchakura sakafu, je, palikuwa na mtu aliyepumua? Mama mmoja karibu yangu alilia. Bwana yule hakusema neno hata moja. Alivaa utovu wa shukrani, akatuonesha pande zote mbili.

Na nunda! Nunda mla watu aliyeingia na vijana wawili ndani yake, manyoya yote ya makumbi yaliyochambuliwa, macho ya vifuu. Yule mtoto mdogo aliyecheza mwana wa mwisho wa Sultani Majinuni alikuwa kila akimwendea mnyama anageuka na kumwimbia mama yake, huyu ndiye nunda mla watu? Na nyinyi nyote, bila ya kufundishwa na mtu, mkamjibu: mwanangu, siye! Mkamjibu mpaka wageni wakajibu nanyi. Sijui kama waandaaji walitarajia hayo. Mimi nilisimama kwenye kiti.

Kutoka Pemba amekuja pia Mkama Ndume, mtawala wa Pujini, ambaye yasimuliwa aliwafanya watu wabebe mawe ya ngome yake wakijikokota wakiwa wameketi chini. Magofu yake yapo mpaka leo, si mbali na Chake Chake. Dada aliyemvaa ni mwanamke, na nimesikia wengine wakinong'ona. Nasema wazi mbele yenu: alitisha kuliko mwanamume yeyote aliyepanda jukwaa hili. Alipoketi, waliomfuata waliketi chini wakajikokota nyuma yake, na hakuwaangalia hata mara moja. Dhalimu hatizami nyuma. Aliyelifahamu hilo ameifahamu hadithi.

Nawapenda pia waliokuja na hadithi za mbali. Sindbadi wetu alivaa kanzu na kilemba cha babu yake, na mjini hapa, ambapo majahazi yalikuwa yakiingia na kaskazi na kuondoka na kusi, hana haja ya kujieleza. Mfalme Nyani wa Wachina alikuja na fimbo yake. Spaidamani, aliyezaliwa kwenye majarida ya picha ya Marekani mwaka 1962, walikuja wengi, na mmoja wao ni mdogo kiasi kwamba baba yake alimbeba mpaka jukwaani. Wapiganaji wa katuni za Kijapani walijaza ukuta mzima ule wa kushoto, nywele za kila rangi. Ninasikia watu wakiuliza, vitu vya watu hivi vinatuhusu nini? Vinatuhusu kwa sababu mwenye kuvipenda ni mtoto wetu. Na aliyekaa usiku kucha kukata sifongo ya godoro iwe ngao, akaipaka gundi na rangi, huyo ameshaifanya hadithi ile kuwa ya Michenzani.

Hapa nataka kumtaja mwanamke mmoja wa Marekani. Mwaka 1939, katika mkutano mkubwa wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kisayansi, mjini New York, watu wawili walikuja wamevaa mavazi ya zama zijazo: Forrest Ackerman na Myrtle Douglas. Ackerman alisifiwa sana. Mavazi yote mawili aliyashona Myrtle. Mchezo huu wa watu wazima na watoto kuvaa wanachokipenda, ambao leo umeenea duniani kote, ulitoka kwenye mikono ya mwanamke na cherehani yake.

Basi nawataka waliotengeneza nao wasimame. Mafundi wa Mchangani mliokubali kushona joho lenye pande mbili kwa bei ya kanzu. Bibi wa Jang'ombe aliyemsukia mjukuu wake kofia ya chuma kwa ukindu, na kwa mbali wote tulidhani ni chuma kweli. Mama mliofungua kanga zenu kuukuu zikawa mabawa. Kaka mliochakura mitumba ya Darajani mkitafuta koti moja tu jekundu. Simameni, msione haya, hii siku ni yenu nusu nzima. Wapigieni makofi. Zaidi. Bado!

Kwa wazee wenzangu nina ombi. Wapo waliokuwa na wasiwasi kwamba kuvaa zimwi ni kuwafundisha watoto uzimwi. Nawaheshimu, na wasiwasi wao unatoka kwenye mapenzi. Lakini leo nilimwona binti aliyevaa zimwi, yule wa kumtia msichana ndani ya ngoma na kuzunguka naye vijijini ili aimbe. Nyuma ya jukwaa mwenziwe aliyekuwa ndani ya ngoma alishikwa na woga wa giza. Zimwi likavua meno yake, likaingia ndani ya ngoma pamoja naye, wakakaa mpaka woga ukapita. Kisha likavaa meno, likatoka kututisha. Mtoto anayejua kutisha na kujua wakati wa kuvua meno, mimi simhofii. Mleteni mwakani, na ndugu zake.

Haya sasa. Glasi juu, wote, hata wenye mabawa, mtasaidiwa na wa jirani.

Kwa Liyongo na upinde wake, na kwa mwanawe mwenye sindano.

Kwa Sultani Darai na joho lake la pande mbili, na kwa paa aliyekufa bila ya shukrani.

Kwa nunda, na kwa mtoto mdogo aliyekataa kuacha kumsaka mpaka ampate.

Kwa mashujaa wa ng'ambo ya bahari mliofika na kaskazi ya filamu na majarida, karibuni, mmeshakuwa wenyeji.

Kwa kila aliyezomewa leo kwa hiari yake ili mwenziwe ashangiliwe.

Kwa mikono iliyoshona, iliyosuka, iliyokata na kubandika.

Afya njema, umri mrefu, na mwakani tukutane hapa hapa, Inshaallah!

Kunyweni, jamani. Na sasa nawaomba wote mliovaa mpande jukwaani pamoja, wema na wabaya mchanganyike, Liyongo shikana mkono na mwanao, zimwi sogea karibu na msichana wako. Msomaji wa matokeo, bahasha ni yako.