KUH: Kazi ya lahajedwali na dashibodi

Malindi, 14 Julai 2025

Kwa Meneja wa Ushirika wa Wavuvi

Salaam aleikum Bi. Meneja,

Kwenye usaili uliuliza mchambuzi wa data atafanya nini na madaftari ya mizani, na dashibodi ni kitu gani. Jibu ni hili.

Lahajedwali ni daftari la kompyuta. Kila samaki wanapopimwa huandikwa mstari mmoja: tarehe, chombo, aina, kilo, bei ya kilo. Karani akiandika "12kg" badala ya 12, kompyuta huliona neno, si nambari, na ikijumlisha hulipita kimya. "Changu" lenye nafasi tupu mwishoni huhesabiwa samaki mwengine. Tarehe ndizo zenye hila zaidi: kompyuta iliyowekwa mtindo wa Kimarekani husoma 03/04 kuwa Machi 4, na 13/04 huiacha kama maandishi tu. Kwa hivyo siku za mwanzo zitakwenda kwenye kusafisha, na hutaona mchoro wowote.

Kisha hesabu. Tuseme changu kilo 100 zimenunuliwa kwa Sh300 na kilo 10 kwa Sh500. Wastani wa haraka ni Sh400, nao ni wa uongo. Pesa zilizotoka ni Sh35,000 kwa kilo 110, yaani kama Sh318 kwa kilo. Kilo zikiwa safu ya D na bei safu ya E, fomula ni hii:

```
=SUMPRODUCT(D2:D3,E2:E3)/SUM(D2:D3)
```

Ukipanga bei ya kuuzia kwa ile 400, kila kilo umeikosea kwa takriban Sh82.

Dashibodi ni ukurasa mmoja unaosoma lahajedwali hilo. Wako ungetosha na kilo za wiki, bei ya wastani, madeni ya wavuvi, na tarehe ya mstari wa mwisho ulioingizwa. Hiyo tarehe usikubali iondolewe: karani akikosa wiki nzima, ukurasa utabaki unapendeza vilevile.

Msimu nao una neno lake. Julai ni kusi, bahari imechafuka, vyombo vinavyotoka ni vichache. Ukiilinganisha na Januari ya kaskazi, kamati itashtuka bure; Julai hulinganishwa na Julai ya mwaka jana. Na nguzo za mchoro zianzie sifuri. Zikianzia 900, kilo 1,000 zitaonekana maradufu ya kilo 950.

Kwa kuanzia nitahitaji daftari la Juni na saa moja na karani wa mizani, kwa sababu samaki mmoja huweza kuandikwa kwa majina mawili, na hilo fomula haiwezi kulijua.

Wako mtiifu,
Mwombaji wa nafasi ya mchambuzi wa data