Yah: Kusimamishwa kwa muda kwa akaunti yako ya mali kauli

Dar es Salaam, 14 Julai 2025

Shikamoo Mama Rehema,

Pole na kazi za duka. Kuanzia leo tumesimamisha kwa muda akaunti yako ya mali kauli, kwa sababu ankara 3 zimepita siku 30 tulizokubaliana. Akaunti haijafungwa.

Deni liko hivi. Ankara 0417 ya tarehe 6 Mei, saruji mifuko 200, ni Sh 3,300,000. Kwenye delivari noti kijana wako aliandika kwa kalamu, pembeni ya saini yake, "mifuko 6 imelowa". Nimeiona, ni kweli, na Sh 99,000 zake nimeziondoa. Nimetoa pia Sh 1,500,000 ulizolipa tarehe 27 Juni. Imebaki Sh 1,701,000. Ankara 0452 ya tarehe 20 Mei, nondo 150 za milimita 12, ni Sh 3,600,000. Ankara 0488 ya tarehe 3 Juni, bati 80 za geji 30, ni Sh 2,560,000. Jumla tunakudai Sh 7,861,000.

Ili akaunti ifunguliwe, lipa kwanza Sh 5,301,000, yaani zile ankara 2 za mwanzo. Hiyo ya bati unaweza kuigawa mara mbili, mradi iishe kabla ya tarehe 31 Julai. Njoo usaini makubaliano hapa ofisini, au umtume kijana akuletee karatasi. Lipa benki au kwa lipa namba yetu ileile iliyo chini ya kila ankara. Tafadhali andika namba ya ankara kwenye malipo. Zile za Juni ziliingia bila maelezo yoyote, ikatuchukua siku 4 kujua ni zako, na siku hizo zote ukahesabiwa hujalipa. Sikupenda hilo litokee.

Ukinitumia picha ya slipu Watsapu kabla ya saa 9 alasiri, na pesa ikionekana kwetu, nafungua akaunti siku hiyohiyo. Ikichelewa, ni kesho yake asubuhi.

Kwa sasa unaweza kuendelea kuchukua mzigo kwa fedha taslimu, bei ileile ya jumla. Saruji mifuko 120 uliyoagiza Ijumaa nimekuwekea stoo hadi Ijumaa hii, tarehe 18, haitauzwa kwa mtu mwingine.

Najua mafundi nao wanakukopa na wengine hawalipi kwa wakati. Kama kiasi hicho hakifikiki kwa mkupuo, nipigie kabla ya Ijumaa uniambie unaweza kuanza na ngapi, niongee na meneja. Na kama hesabu zako hazilingani na zangu, njoo na delivari noti zako tukae tuzipitie moja moja.

Wako katika kazi,

Mhasibu wa Mikopo
Duka la Jumla la Vifaa vya Ujenzi, Gerezani