Saluni ya Mama Neema: kunyoa, kusuka na kutunza nywele

Karibu. Upande wa kulia ukiingia ni kwa kinyozi, upande wa kushoto ni kwa misuko na dawa. Bei zetu ziko hapa chini, na ndizo utakazolipa. Kama kichwa chako kinahitaji kazi ya ziada, fundi atakuambia kabla hajashika kitana.

Bei (shilingi)

Kunyoa, mtu mzima: 5,000
Kunyoa, mtoto chini ya miaka 12: 3,000
Kuchonga ndevu: 3,000
Kunyoa, skrabu ya uso na kuoshwa kichwa: 10,000
Kuosha na kukausha kwa drai: 8,000
Stimingi: 15,000
Dawa, pamoja na kuosha na kuseti: 25,000
Twende kilioni: 10,000
Rasta kubwa: 25,000
Rasta ndogo: 40,000
Kukaza dredi: 20,000
Kufumua: 5,000, bure ukisukwa tena hapa siku hiyo hiyo

Bei ya rasta ni ya ufundi tu. Njoo na pakiti zako, au nunua hapa. Kichwa cha kawaida cha rasta ndogo hula pakiti tano mpaka saba; muulize fundi kabla ya kununua.

Mafundi

*Kaka Juma, kinyozi.* Miaka 11 kwenye mashine. Wateja wanaotoka vipele kidevuni baada ya kunyolewa humfuata yeye, kwa sababu hanyoi kinyume na uotaji wa ndevu wala hakwangui hadi chini kabisa. Nywele zilizojikunja zikikatwa chini mno, ncha hurudi ndani ya ngozi, na hapo ndipo vipele vinapoanzia. Wembe anaufungua mbele yako, na ukishatumika unatupwa. Mashine anaifuta kwa spiriti kila kichwa kinapokwisha. Mtoto akiwa na mapunye, Juma atamwomba mzazi ampeleke kwanza hospitali, kwa sababu mapunye huambukiza kwa mashine na vitana. Tafadhali usimkasirikie.

*Dada Rehema, misuko.* Mkono wake ni mwepesi. Rasta ndogo humchukua saa tano hadi sita, na hataki kuharakishwa. Nywele za pembeni mwa uso hazivuti, hata mteja akiomba akazwe, maana msuko unaovuta kila mara huziondoa nywele hizo, na zikishapotea kwa muda mrefu huenda zisiote tena. Ukiumwa kichwa usiku baada ya kusukwa, rudi kesho yake. Atalegeza bila malipo.

*Mama Neema, dawa na matibabu ya nywele.* Mwenye saluni. Kwa mteja wa zamani hupaka dawa kwenye nywele mpya zilizoota tu, kwa kuwa zilizokwisha kulainishwa zikipakwa tena hukatika. Husubiri wiki 8 mpaka 12 kati ya dawa na dawa. Ukimjia mapema atakuosha, atakuwekea stimingi, kisha atakurudisha nyumbani. Usijikune wala kuosha kichwa siku mbili kabla ya dawa, na ukiwa na kidonda utaahirishiwa.

Picha za kazi zetu

Wenyewe wameruhusu, na hakuna picha iliyopambwa.

1. Twende kilioni mistari minane, siku ya kwanza.
2. Kichwa hicho hicho wiki ya tatu. Tumeiweka makusudi, uone msuko unavyokaa.
3. Ndevu zilizochongwa, shingo bila kipele.
4. Dredi za miaka minne baada ya kukazwa.
5. Nywele asilia za mama mmoja aliyeacha dawa, mwezi wa 14. Ncha za zamani tulizipunguza kidogo kidogo; hakutaka kukata zote siku moja.

Kuja tu au kuweka nafasi?

Kunyoa, ndevu, kuosha na twende kilioni: njoo tu. Jumanne hadi Alhamisi asubuhi hutangoja sana. Jumamosi kuanzia saa nne foleni ya kinyozi hufika watu sita au saba, na kila kichwa ni kama nusu saa, hivyo piga hesabu yako. Ukifika andika jina daftarini mlangoni. Ukitoka kidogo nafasi yako inalindwa, ila ukiitwa ukiwa haupo anaingia anayefuata, nawe unakuwa wa pili.

Rasta, dawa na dredi: weka nafasi kwa simu au upite mwenyewe, angalau siku moja kabla. Rasta ndogo huanza saa tatu asubuhi, mteja mmoja kwa siku, na tunaomba 10,000 ya kushikilia nafasi. Inakatwa kwenye bei. Ukiahirisha kabla ya saa kumi na mbili jioni ya siku iliyotangulia, unarudishiwa yote. Ukichelewa zaidi ya dakika 30 bila kutuarifu, tunampa nafasi mwingine, kwa kuwa Rehema hawezi kusuka usiku.

Mwenye harusi atuambie wiki mbili mapema, na aje na wasimamizi wake tupange nani anaanza.

Tunafungua Jumanne hadi Jumapili, saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni. Jumatatu tunapumzika.