Nje ya Chumba cha Mikutano

Rehema aliyasikia maneno ya wafanyakazi wake bila kukusudia. Alikuwa amesimama nje ya chumba cha mikutano, faili mkononi, Juma aliposema: "Ripoti ina kosa, lakini mimi simwambii. Mwambie wewe."

"Nani, mimi?" mwenzake akajibu. "Rehema akiniita tu kwa sauti ile, tumbo linanikata."

Hakuingia. Alirudi ofisini kwake, akafunga mlango taratibu, akakaa bila kuwasha taa. Miaka sita alidhani ukimya wa vikaoni ni nidhamu.

Kesho yake alijitahidi kuwa mpole, akazidi kuwatisha. Walimtazama kama mtu anayeandaa barua za kuwaachisha kazi. Wiki ya pili akamkaripia tena Juma, mbele za watu. Safari hii alijisikia mwenyewe. Akakatisha maneno, akavuta pumzi.

"Samahani, Juma. Sikupaswa kusema hivyo. Naomba nianze upya."

Juma aliitikia kwa kichwa, macho yake mezani.

Alijizoeza kuuliza "Imekuwaje?" badala ya "Nani kafanya hivi?" Siku nyingine ulimi ulimponyoka, na hizo zilikuwa nyingi, lakini alirudi kuomba radhi kabla ya jioni.

Mwezi wa nne, Juma alibisha kwenye mlango uliokuwa wazi. "Dada Rehema, nimekosea hesabu za mwezi. Nimeona nikuambie mapema."

Rehema akamsogezea kiti. "Kaa. Tuziangalie pamoja."

Karatasi ilikuwa ikitetemeka kidogo mkononi mwa Juma. Rehema aliiona, akasubiri hadi ikatulia.